Mteja akikusifia kupita kiasi, utajuaje kama anamaanisha?

NeemaWaMaji (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Nafanya kazi kwenye mamlaka ya maji ya mji mmoja wa mkoani, sitautaja. Kila Ijumaa nasoma komenti za ukurasa wetu wa Facebook na kuzigawa: pongezi, malalamiko, maswali. Ripoti inapanda kwa meneja, na pongezi husomwa kikaoni. Wiki hii nimekwama kwenye hii hapa, naiweka kama ilivyoandikwa:

"Hongereni sana ndugu zetu wa maji. Leo yametoka saa tisa usiku mpaka saa kumi, tumejaza ndoo zote. Mungu awazidishie, msituchoke 🙏🙏"

Meneja kaisoma, kasema ni pongezi, tena niipige picha ya skrini tuibandike ukurasani. Dada wa mapokezi kacheka mpaka kashika mbavu, anasema huyo baba anatusimanga. Mimi kila nikiirudia nabadilisha mawazo. Sitaki kumdhalilisha mtu aliyeshukuru kwa moyo safi, na sitaki tubandike kejeli huku wateja wanatuangalia kama watu tusiojua shida zao. Mwenye njia ya kupima anisaidie.

KijanaWaKariakoo

Rahisi dada. Angalia emoji. Kejeli inakuja na 😂 au 💀. Hiyo mikono 🙏 ni shukrani. Weka pongezi, kalale.

FundiBomba

Maji kutoka saa tisa usiku maana yake mchana presha haifiki huko. Wa bondeni wanafungua wote, wa mlimani wanabaki na upepo kwenye bomba. Usiku bondeni wakilala ndipo yanapanda. Mkigawa kanda kwa koki, leo hawa kesho wale, tatizo linapungua hata bila pampu mpya. Huyo ndugu anakaa mlimani, nakuhakikishia.

NeemaWaMaji

Asante kaka FundiBomba, hilo nitawafikishia mafundi. Ila mimi nauliza habari ya komenti, anamaanisha au hamaanishi.

MsomaKomenti

Dada Neema, kazi hii nimeifanya miaka kadhaa kwenye kampuni iliyokuwa ikifuatilia mitandao kwa niaba ya mabenki na kampuni za simu. Tulikuwa tunasoma komenti moja watu wawili, kila mmoja peke yake bila kuonana, na tukitofautiana inapelekwa kwa wa tatu. Zilizotugawa zaidi zilikuwa pongezi. Malalamiko hayakutusumbua sana, maana ni nadra mtu kujifanya amekasirika wakati amefurahi.

Kwanza nimjibu kijana wa Kariakoo. Emoji inasaidia pale tu unapojua huyo mtu huitumiaje. Mama yangu mdogo akisikia mtoto kazaliwa anaweka 😂😂😂, kwake hiyo ni furaha. Na 🙏 nimeiona chini ya kejeli kali kabisa, za aina ya "asanteni kwa giza, tumelala mapema 🙏". Mikono ile inaongeza uchungu wa kejeli kwa sababu inafanana na shukrani.

Pili, usijiamini unapoisoma peke yako. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, akina Justin Kruger na Nicholas Epley, walichapisha jaribio la watu waliokaa wawili wawili. Mmoja anatuma sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, mwenzake anakisia. Waliotuma walitarajia wataeleweka mara 78 katika kila 100. Kwa sauti walieleweka mara 73. Kwa barua pepe mara 56, na kukisia bila kusoma kabisa kungekupa 50. Kibaya zaidi, wasomaji nao walijiona wamepatia. Kwa hiyo meneja wako na dada wa mapokezi kila mmoja ana uhakika wake, na uhakika huo peke yake hauna uzito.

Mwanachuo_Dar

Hapo ndipo kanuni ya Poe inapoingia, ya mwaka huo huo 2005. Inasema bila alama ya tabasamu haiwezekani kutofautisha mzaha na kumaanisha. Kwa hiyo swali la dada halina jibu, biashara imeisha.

MsomaKomenti

Umeishika nusu, mdogo wangu. Nathan Poe alikuwa kwenye mabishano ya Wakristo kuhusu uumbaji, akasema ukimwigiza mtu mwenye msimamo mkali lazima atokee mmoja atakayekuchukulia ni wa kweli. Alizungumzia maandishi kama yalivyo. Neema hana maandishi matupu. Ana jina la akaunti, ana komenti za nyuma, ana saa ya kuandikwa, na pale kazini ana daftari la zamu za maji. Poe hakuwa na daftari la zamu.

MwanaMbagala

Mnasahau kitu kikubwa. Siku hizi sifa nyingi mtandaoni si za dhati wala si za kejeli, ni za chawa. Mtu analipwa au anategemea kulipwa. Huyo anaweza kuwa chawa wa meneja.

MsomaKomenti

Umegusa penyewe, kaka. Wengi wanapima kwa mizani ya pande mbili na kumbe kuna wa tatu. Lakini chawa huwa anaonekana mapema kuliko wengine. Anamtaja bosi kwa jina na cheo. Sifa yake haina mtaa, haina saa, haina ndoo. "Chini ya uongozi wako mahiri mji wetu unang'ara", unaweza kuihamishia hospitali au barabara bila kugusa hata neno. Halafu utakuta akaunti nyingine tatu zimeandika karibu hivyo hivyo ndani ya muda mfupi. Huyu wa Neema kataja saa tisa usiku. Chawa hawezi kuandika saa tisa usiku, atakuwa amemchongea aliyemtuma.

OtisWaKisumu

Mimi naongeza la kwetu Kenya, maana mnachukulia kama mtu ni lazima awe amechagua upande. Kumbukeni Novemba 2015. Magufuli ameapishwa tarehe 5, na kabla mwezi haujaisha ameshafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba akaagiza watu wafanye usafi. Sisi huku Twitter tukaanza #WhatWouldMagufuliDo. Kila mtu na picha yake ya kubana matumizi kupita kiasi, eti nilitaka kununua kitu fulani nikajiuliza Magufuli angefanya nini.

Nilishiriki mwenyewe. Sasa mtu aniulize, ulikuwa unamsifu au unamcheka? Nilikuwa namheshimu kweli, nilitamani wetu wafanye vile. Picha zenyewe zilikuwa mzaha mtupu. Na wakati huo huo lilikuwa dongo kwa viongozi wetu waliopenda safari za nje. Yote matatu kwa pamoja. Niliona Watanzania wengine wamekasirika wakidhani tunamdhihaki rais wao, wengine wakatushukuru kwa kumpenda. Wote walisoma sentensi ile ile.

MsomaKomenti

Mfano huu naupenda, Otis. Unaonesha kwamba swali "anamaanisha?" lina kasoro. Swali linalojibika ni "anamaanisha nini, kuhusu nani?" Ile hashtag yenu, mzaha ulikuwa kwenye picha, heshima ilikuwa kwa Magufuli, na lawama ilikuwa ya nyumbani. Mtanzania aliyekasirika aliona mzaha ni kweli, kosa lake lilikuwa kudhani unamlenga rais wake.

Tulipokuwa tunagawa komenti tulikuwa tunaandika kitu kinachosifiwa kabla hatujaandika kama sifa ni ya kweli. Dada Neema, hapo kwako kinachosifiwa ni nini? Ni mamlaka? Ni maji kutoka? Ni ndoo kujaa?

Binti_Maskati

Samahani nikiingilia, naona hapa kuna wanaojua. Nimeolewa huku Maskati. Niliweka picha za harusi, wifi yangu mke wa kaka akaandika "Mashaallah wifi, umependeza mpaka nimeshindwa kukujua ❤️". Mama anasema ni sifa. Dada zangu wote wanasema ni kijembe, eti kamaanisha kwamba siku zote sipendezi. Sijamjibu mpaka leo na kaka ameanza kuuliza kuna nini.

BibiWaPangani

Mwanangu, mimi nimekulia kwenye kanga. Mtu anavaa kanga yenye maneno, hasemi kitu. Ukimuuliza anasema nimependa rangi. Hatukuwa tunasoma maneno peke yake, maana kanga ile ile wamevaa watu kumi sokoni. Tulikuwa tunaangalia kaivaa lini na kapita wapi nayo. Mwenye ugomvi nawe atapita nayo mbele ya mlango wako, atarudi, atapita tena, na siku hiyo hakuwa na safari ya upande huo.

Wifi yako kaandika mara moja, mbele ya ndugu wote, akaondoka. Je, alipoweka mwingine picha za harusi aliandika nini? Hilo kaangalie. Na mawifi wana utani wao, usije ukauchukulia utani ukawa vita.

Binti_Maskati

Nimekwenda kuangalia, bibi. Kwa dada yake mwenyewe aliandika "umependeza sana mdogo wangu". Hakuna la kushindwa kumjua. Sasa nimechanganyikiwa zaidi.

BibiWaPangani

Huyo dada yake alijipamba kwa mpambaji kama wewe, au alivaa kawaida? Ukipakwa vile vya huko Omani hata mimi ningeweza kukupita njiani. Mpigie simu. Sauti utaisikia.

NeemaWaMaji

Nimerudi wakuu. Nimefanya kama MsomaKomenti alivyosema, nimefungua komenti zake zote za nyuma kwetu na posti zake ambazo ziko wazi kwa kila mtu. Jina lake nalificha. Nilichokiona:

Miezi miwili nyuma aliandika kwetu: "Wiki ya tatu hatuna maji, tunanunua dumu. Naomba msaada." Hiyo ni malalamiko, tena kavu, haina mapambo.

Ni shabiki wa Simba. Novemba 2023, baada ya Yanga kushinda 5-1, aliandika kwake: "Hongereni sana vijana wangu, bao moja si haba, tumewakomesha 👏👏". Kwa hiyo kejeli anaiweza, na anaanza na "hongereni sana" kama alivyoanza kwetu.

Ijumaa huandika dua. Misiba ya majirani huandika "Mungu awazidishie subira".

Na daftari la zamu linasema kweli usiku ule maji yalipelekwa kanda ya juu saa tisa, kwa saa moja hivi.

FundiBomba

Nilisema anakaa mlimani.

KijanaWaKariakoo

Basi mmeona, ya Simba ni kejeli na kaanza vile vile "hongereni sana". Nabadilisha jibu. Hii nayo ni kejeli.

MsomaKomenti

Polepole, kaka. Ziweke mbili hizo sambamba uone tofauti, siyo kufanana tu.

Ya Simba inasifia kitu ambacho hakikutokea, kuwakomesha watu wakati umefungwa tano. Kejeli mara nyingi inajengwa hivyo: sifa inasimama juu ya jambo ambalo kila msomaji anajua ni kinyume. Ya maji inasifia kitu kilichotokea. Maji yalitoka, ndoo zilijaa, daftari linathibitisha. Kama siku hiyo maji hayakutoka kabisa, ningesema kejeli bila kufikiri mara mbili.

Halafu angalia Mungu anamweka wapi. Kwenye mpira hakumtaja. Anamtaja kwenye dua na misiba, yaani mahali ambapo hafanyi mzaha. Watu wengi wa dini wana mpaka huo, watakejeli lolote lakini jina la Mungu hawaliingizi. Si sheria ya kila mtu. Wapo wanaoandika "Mungu awalipe" wakimaanisha moto. Lakini huyu tumemsoma yeye mwenyewe, na kwake neno "awazidishie" liko kwenye mambo mazito.

Na "msituchoke" ni neno la mwombaji. Unamwambia hivyo mtu ambaye kesho utarudi kwake. Anayekusimanga huwa hakuachii mlango wa kurudi.

Upande wa pili kuna saa tisa usiku. Asingekuwa na la kusema kuhusu saa, angeandika "leo yametoka" akanyamaza. Mtu kuamka usiku wa manane kukinga maji, kisha akataja mpaka saa yalipokatika, hiyo saa kaiweka makusudi ionekane. Hapo dada wa mapokezi kasikia kitu cha kweli.

Mimi naegemea kwamba kashukuru kweli na ndani ya shukrani kapenyeza lawama kwa adabu. Jaribio la mwisho ni dogo: mjibu pale pale kama mtu aliyeshukuru, na umwombe jambo moja dogo. "Asante sana, ni mtaa gani ili tuangalie ratiba?" Aliyemaanisha atakutajia mtaa. Anayekejeli huwa anaongeza moto, "mtaa wote, mpaka samaki wameingia sebuleni", au ananyamaza kwa sababu utani wake umeshindwa.

NeemaWaMaji

Nimeuliza jana saa nne asubuhi kwa maneno hayo hayo. Kajibu baada ya saa mbili: "Asante binti yangu. Ni huku juu karibu na msikiti. Mkiweza sogezeni iwe baada ya alfajiri, wazee hawawezi kuamka saa tisa, na watoto wanaenda shule wamechoka."

Mwanachuo_Dar

Sawa, lakini mimi bado. Ofisi ikishakujibu kwa jina lako, nani ataendelea kukejeli? Toka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 watu wanaandika huku wakiangalia nyuma. Inawezekana alikuwa anakejeli, akaona serikali imemjibu, akageuka mpole. Jaribio lako linampima mtu akiwa ameshituka.

MsomaKomenti

Umesema jambo ambalo sina dawa yake kamili. Kejeli inapendwa kwa sababu mwenye nayo anaweza kuikana, kama ile kanga ya bibi. Ukimuuliza aliye chini yako kama alikuwa anakejeli, unamlazimisha akane. Ndiyo maana nilimwambia Neema aulize mtaa, asiulize nia. Hata hivyo, mtu akijibiwa na ofisi hubadilika, na ndiyo sababu ya kusoma ya nyuma kwanza, aliyoyaandika kabla hajajua unamwangalia. Ya huyu yalikuwa yanaelekea huko huko kabla hajajibiwa. Hapo nabaki na yangu, nawe ubaki na yako.

Lakini dada Neema, kwa kazi yako hatuhitaji kumaliza ubishi huu. Chukua shukrani ya kweli, toa emoji na dua, kinabaki nini? Kanda ya juu inapata maji kwa muda wa saa moja tu, tena usiku wa manane. Chukua kejeli, toa vile vile, kinabaki nini? Hicho hicho. FundiBomba alikisoma mapema kuliko sisi wote, sisi tulikuwa bado tunabishana kuhusu mikono ya dua. Usiiweke kwenye pongezi wala malalamiko. Iandike: ombi la kubadilisha saa za mgao kanda ya juu, mteja ametumia lugha ya shukrani.

Na kubandika picha ya skrini, hapana. Hata kama kashukuru kwa moyo wote, majirani zake waliokosa usingizi wataisoma ikiwa ukutani kwenu, na kwao itageuka kuwa ofisi inajisifia maji ya saa tisa usiku. Maneno ni yale yale, ila sasa yanasemwa na nyie.

NeemaWaMaji

Hilo la kubandika nimemwambia meneja asubuhi hii. Hakufurahi ila kakubali. Ombi la saa nimelipeleka kwa mafundi pamoja na ushauri wa koki, wamesema watakaa walijadili.

Binti_Maskati

Nimempigia wifi. Tumeongea karibu saa nzima, habari za watoto, za nyumbani, kila kitu. Picha sikuziuliza na yeye hakuzitaja. Sauti ilikuwa nzuri tu. Dada zangu wanasema hiyo ndiyo dalili yenyewe.

BibiWaPangani

Hao dada zako nao wana lao. Waulize wao waliandika nini chini ya zile picha.

NeemaWaMaji

MsomaKomenti, kabla hujaondoka, kuna nyingine imeingia leo. Haina jina la mtaa, ina maneno mawili tu: "Kazi nzuri 👏👏👏👏". Akaunti mpya, haina posti hata moja.

MsomaKomenti

Kaiweka chini ya posti gani?

NeemaWaMaji

Chini ya tangazo la kukatika maji Jumamosi.

MsomaKomenti

Tangazo lilitoka kabla maji hayajakatika au baada?

NeemaWaMaji

Baada. Lilichelewa kama saa tano.

KijanaWaKariakoo

Hiyo hata mimi naijua.

MwanaMbagala

Akaunti mpya, posti sifuri, makofi manne? Chawa huyo.

MsomaKomenti

Kwa saa zile na chini ya tangazo lile, naegemea kwa Kariakoo. Ila akaunti haina historia hata moja ya kulinganisha, kwa hiyo iache bila kundi mpaka aandike tena.